Kuzima matangazo kwenye smati TV hakuzimi macho yake, kuna swichi nyingine

Nafunga madishi na TV hapa Kigoma mjini, Mwanga, Gungu, Katubuka mpaka kule Ujiji, na kitu nachokutana nacho kila mara ni hiki: mtu kasikia kwamba smati TV zinakusanya taarifa za unachoangalia, kaingia kwenye setingi kaona neno la matangazo, kazima, basi anajua kamaliza. Hajamaliza. Kuna vitu viwili hapo na kila kimoja kina swichi yake, moja ni ya TV kutambua kilichopo kwenye skrini na kukipeleka kwa seva za kampuni, nyingine ni ya kukuletea matangazo yanayofanana na wewe. Ukizima hiyo ya pili peke yake TV inaendelea kuangalia unachoangalia, ila tu matangazo hayatachaguliwa kwa kutumia hizo taarifa, na taarifa zenyewe zinakuwa zimeshaenda.

Wengi wananijibu "mimi natumia king'amuzi tu, king'amuzi hakina intaneti, TV itajuaje naangalia nini?" Swali zuri sana na ndo sehemu watu wengi wanapotea, kwahiyo nianzie hapo.

Huo utambuzi, kwa Kiingereza Automatic Content Recognition, kifupi chake ACR, hauulizi picha imetoka wapi. Wenyewe unafanya kazi kwenye skrini. TV inachukua vipande vidogo vya picha au sauti inayopita, inavigeuza kuwa alama fupi, kama alama ya kidole gumba kwenye fomu, halafu inazituma hizo alama kwa seva ambako zinalinganishwa na maktaba kubwa ya vipindi, filamu na matangazo. Alama ikifanana na kitu kwenye maktaba, seva inajua TV hii saa hii inaangalia kitu hiki, dakika ya ngapi. Sasa picha ikitoka king'amuzi ikapita kwenye waya wa HDMI inaishia wapi? Kwenye skrini ile ile. Ukichomeka deki, ukichomeka laptopu, ukichomeka gemu, yote yanapita pale pale. King'amuzi hakina intaneti ni kweli, ila TV inayo, umeiwashia hotspoti ya simu ili watoto waangalie katuni YouTube, na hiyo hotspoti moja inatosha kutoa alama za kila kinachopita HDMI.

Na sio maneno ya kijiweni haya. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vya London, California na Madrid walikaa wakapima TV za Samsung na LG, walizifunga Uingereza na Marekani wakawa wanaangalia kila kinachotoka kwenda kwenye mtandao. Walikuta LG inachukua sampuli kila milisekunde 10 na kutuma mzigo kila sekunde 15, Samsung inachukua kila milisekunde 500 na kutuma kila dakika moja. Walikuta inafanya kazi hata TV ikiwa imetumika kama skrini tu ya kifaa kingine kupitia HDMI. Na walikuta jambo lingine la muhimu sana kwetu, ukizima kwenye setingi zile safari za kwenda kwa seva za utambuzi zinakoma. Hiyo ndo sababu nasema inafaa kuhangaika nayo, swichi ipo na inafanya kazi, shida ni kuipata maana haijaandikwa kwa jina lake.

Hilo la majina lina historia. Mwaka 2017 kampuni ya TV ya Vizio kule Marekani ililipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi na tume ya biashara ya shirikisho pamoja na jimbo la New Jersey, kwa kukusanya taarifa za utazamaji kwenye TV milioni 11 bila ruhusa ya wenyewe. Kwenye menyu yao swichi ya jambo hilo iliitwa `Smart Interactivity`. Ukisoma jina hilo utafikiri ni kitu cha kufanya TV iwe na akili zaidi, nani angezima? Mpaka leo ndo hivyo, kwenye Samsung inaitwa `Viewing Information Services`, kwenye LG ni `Viewing Information` pamoja na kitu kinaitwa `Live Plus`, kwenye baadhi ya Sony ni `Samba Interactive TV`. Hakuna hata moja itakayokwambia kwa lugha nyepesi kwamba hii ndo inayopeleka unachoangalia.

Sasa nani alikubali? Hapa ndo pananiuma kama fundi. TV mpya ikiwashwa mara ya kwanza inaleta ukurasa wa makubaliano, yamepangwa kama matano au sita hivi, mawili ya juu ni ya lazima kama unataka programu za mtandao zifanye kazi, yanayobaki ni ya hiari. Juu kabisa kuna kiboksi cha kukubali yote kwa mkupuo mmoja. Fundi kasimama kwenye ngazi, mwenye nyumba anasubiri mpira, rimoti ipo mkononi mwa fundi, anabonyeza kukubali yote picha itoke alipwe aondoke. Mwenye TV hajaona hata ukurasa wenyewe. Mimi kwenye kazi zangu nikifika ukurasa huo namuita mwenye nyumba, namkabidhi rimoti, namsomea kimoja kimoja, maana ruhusa ni yake sio yangu. Tuna sheria yetu kabisa ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na inaongelea ridhaa ya mhusika mwenyewe, haiongelei ridhaa ya aliyefunga dishi.

Na kwa TV za mtumba ni zaidi. Hapa Kigoma zinafika nyingi kupitia Dar, zimetoka Uingereza au Dubai, zimetumika nyumbani kwa mtu huko. Kama muuzaji hajaifuta kabisa, unawasha unakuta makubaliano yameshatikiwa na mtu usiyemjua, lugha imebadilishwa basi, programu za zamani zimefutwa kwa mkono ila tiki zipo palepale.

Nitaeleza kazi moja ilivyokwenda hatua kwa hatua maana hiyo ndo ilinifundisha kupima, sio kuamini menyu tu.

Kuna mama mmoja mwalimu mstaafu pale Gungu, kanunua TV ya mtumba inchi 43, chapa siitaji. Anaangalia taarifa ya habari na tamthilia kwa king'amuzi, wajukuu wanaangalia YouTube kwa ruta ya laini. Aliniita kwa jambo jingine, sauti ilikuwa inachelewa kidogo kwenye HDMI. Nilipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, hii TV inanijua? Mjukuu ananiambia inaniangalia."

Nikamwambia, "Mama haikuangalii wewe usoni, haina kamera hii, ila inaweza kuwa inaangalia unachoangalia. Tukague."

Akasema, "Kagua, lakini usiniharibie tamthilia."

Nikaingia kwenye setingi, sehemu ya makubaliano, yote yametikiwa, ya kuangalia, ya sauti, ya matangazo. Yeye hajawahi kufika hata kwenye hiyo menyu. Nikamuonyesha. Akaniuliza swali la kiualimu kabisa: "Sasa utajuaje kama inatuma kweli au ni tiki tu imewekwa?"

Kwahiyo nilirudi na laptopu. Nawaelezea nilivyofanya, sio kazi ngumu kwa anayejua kutumia laptopu ya Windows. Simu niliichomeka kwenye laptopu kwa waya wa USB ikawa inaipa intaneti, halafu laptopu nikaiwashia hotspoti yake yenyewe ile ya `Mobile hotspot`, TV nikaiondoa kwenye ruta nikaiunga kwenye hotspoti ya laptopu. Sasa kila kitu TV inachouliza mtandaoni kinapita kwenye laptopu yangu. Nikafungua programu ya bure inaitwa Wireshark. Ukiifungua inakuletea orodha ya njia za mtandao na kila moja ina kamstari kanakopanda na kushuka, chagua ile ya hotspoti, utaijua maana TV ikiwa inafungua YouTube kamstari kake ndo kanarukaruka. Halafu pale juu kwenye sehemu ya kuchuja nikaandika hivi:

```
dns.qry.name contains "acr"
```

Maana yake nionyeshe tu majina ya seva yaliyoulizwa yenye herufi hizo tatu ndani. Kwanini acr? Kwasababu kwenye ule utafiti wa 2024 seva za utambuzi za chapa zote mbili zilikuwa na herufi hizo kwenye majina yao, za Samsung zinaishia na kama `samsungacr.com`, na za LG zina acr mwanzoni mwa jina halafu zinaishia na `alphonso.tv`, Alphonso ni kampuni ya matangazo ya TV ambayo LG ilinunua hisa zake nyingi. Kwa TV ya chapa nyingine acha kuchuja na acr, andika `dns` peke yake uone majina yote, halafu uyasome taratibu, yale yenye maneno ya log, ads, metrics ndo ya kuyatilia shaka kwanza.

Nikaizima TV kwenye ukuta kabisa, sio kwa rimoti, nikaiwasha upya ikiwa kwenye king'amuzi. Hii ya kuzima ni muhimu sana maana TV ikishauliza jina la seva mara moja inalihifadhi kwa muda, ukianza kuangalia katikati unaweza usione kitu ukadhani iko safi. Mama kakaa kwenye kochi, taarifa ya habari inaendelea, mimi nipo chini na laptopu. Haikuchukua muda jina likatokea kwenye skrini ya laptopu, acr katikati yake. Nikamgeuzia laptopu asome mwenyewe. Hajafungua YouTube, hajagusa rimoti, king'amuzi tu.

Wireshark hapo inakuonyesha TV inaongea na nani, haikuonyeshi inasema nini, maana ndani ya mazungumzo kumefungwa kwa siri. Kwahiyo usije ukamwambia mtu nimeona imetuma jina la tamthilia yako, hujaona hicho. Umeona imeigongea hodi seva ya utambuzi wakati king'amuzi kinaonyesha, basi, na kwa kazi hii inatosha.

Tukaanza kuzima, na rimoti anashika yeye. Kwa kuwa ilikuwa ya mtumba sikutaka kubahatisha, tulianza kwa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye LG kitu hicho kinaitwa `Reset to Initial Settings`, kwenye Samsung ni `Reset` na inaomba namba ya siri ambayo kama haijabadilishwa ni `0000`. Faida yake ni kwamba makubaliano ya mwenye TV wa zamani yanafutika na unaulizwa upya kuanzia mwanzo. Ukifika kwenye ukurasa wa makubaliano usiguse kile kiboksi cha juu, shuka kimoja kimoja, kubali masharti ya matumizi na sera ya faragha tu kama unataka YouTube na programu nyingine, yanayobaki acha wazi, endelea. TV itaendelea vizuri kabisa.

Kama hutaki kuirudisha kiwandani kwasababu umeshapanga chaneli zako, unapita kwenye menyu. Kwenye Samsung za miaka ya karibuni ni `Settings`, `All Settings`, `General & Privacy`, `Terms & Privacy`, humo ndani utakuta `Viewing Information Services`, toa tiki, na jirani yake `Interest-Based Advertisements`, toa pia. Zile za zamani kidogo ipo chini ya `Support` halafu `Terms & Policies`. Kwenye LG mpya ni `Support`, `Privacy & Terms`, `User Agreements`, za zamani ni `General`, `About This TV`, `User Agreements`, unatoa tiki kwenye `Viewing Information` na kwenye ile ndefu ya `Interest-Based & Cross-Device Advertising`. Halafu LG usisahau `Live Plus`, wameiweka mbali na makubaliano, kwenye modeli nyingi ipo ndani ya `Additional Settings`, izime. Majina yanahamahama kwa mwaka wa TV na nchi iliyotengenezewa, kwahiyo ukiona halipo nilipokwambia tafuta menyu yenye neno `Privacy` au `Terms` au `Agreements` ndo itakuwa humo.

Hilo neno `Cross-Device` lisomeni vizuri maana linajieleza lenyewe. Maana yake kinachojulikana kupitia TV kinaweza kutumika kuchagua tangazo la kwenye simu, na la kwenye simu kuchagua la TV. Wanaunganishaje? Njia mojawapo ni anwani ya mtandao, simu na TV vikiwa kwenye ruta moja kwa nje vinaonekana vimetoka mlango mmoja. Mama aliposikia hapo ndo alikasirika kweli, akasema, "Simu yangu nasomea Biblia na nasalimiana na wanangu, TV imeingiaje huko?"

Baada ya kutoa tiki ndo unakuja kwenye namba ya matangazo. TV ina namba yake ya kitambulisho ambayo watangazaji wanaitumia kuunganisha kumbukumbu zote za TV hiyo, Samsung wanaiita PSID na kuna kitufe cha kuiweka upya, LG wanaiita AD ID na pembeni yake kuna `Limit Ad Tracking` ambayo unaiwasha. Kwa TV zenye mfumo wa Google, TCL nyingi na baadhi ya Hisense na Sony, ingia `Settings`, `Privacy`, `Ads`, utakuta `Delete advertising ID` au kwenye za zamani ya kuiweka upya na kukataa matangazo binafsi. Mpangilio una maana hapa, zima utambuzi kwanza halafu ndo ubadilishe namba. Ukibadilisha namba kwanza utambuzi ukiwa bado umewaka, namba mpya inaanza kukusanyiwa kumbukumbu mpya palepale na umerudi ulipokuwa. Na TV ya mtumba hiyo namba ilikuwa na historia ya watu wa nyumba nyingine kabisa, ni vizuri kuachana nayo.

Tukazima TV kwenye ukuta tena, tukawasha, tukarudi kwenye king'amuzi. Nikaiacha Wireshark inasikiliza, tukanywa chai, taarifa ikaisha tamthilia ikaanza. Majina yenye acr hayakutokea. Ili nisijidanganye kwamba labda intaneti imekatika nikafuta ule mchujo nikaangalia majina yote, YouTube ilikuwa inafunguka na majina ya Google yanapita kama kawaida, TV inauliza saa, inauliza kama kuna apdeti. Kwahiyo mtandao upo, wanaoongea wapo, ila yule mmoja kanyamaza. Bila hiyo hatua ya pili ya kuhakikisha mtandao upo kipimo chako hakina maana, na nimeona vijana wawili watatu wa kazi hii wanaishia hatua ya kwanza.

Mama anachoweza kukosa ni nini? Mapendekezo yale ya ukurasa wa mwanzo yanakuwa ya jumla jumla, na zile mbwembwe za kuletewa taarifa za kipindi unachoangalia hazipo. Tamthilia ipo, YouTube ipo, ubora wa picha haujabadilika hata chembe. Matangazo pia yapo! Hili naomba lieleweke maana nimeshapigiwa simu za malalamiko: kuzima matangazo binafsi hakuondoi matangazo, idadi inabaki ileile, yanakuwa tu hayajachaguliwa kwa kukufuatilia wewe. Kwenye LG unaweza kupunguza yale mabango ya ukurasa wa mwanzo kwa kuzima `Home Promotion` na `Content Recommendation`, yapo kwenye `Additional Settings` chini ya `Home Settings`.

Na bando je, maana hilo ndo swali la pili kuulizwa baada ya king'amuzi. Msitegemee bando lipone sana. Zile alama ni ndogo mno ukilinganisha na video, anayekula bando ni YouTube yenye ubora mkubwa na apdeti za mfumo. Zima utambuzi kwa ajili ya faragha, bando lishughulikie kwa kushusha ubora wa video.

Mipaka mingine ipo. Utafiti ule ulikuta utambuzi wa TV haukuwa unafanya kazi mtu akiwa ndani ya Netflix au YouTube za kwenye TV, ila hiyo haina maana humo uko huru, hizo programu zenyewe zinajua unachoangalia kwasababu wao ndo wanaokuletea. Ulichokizima kwenye TV hakigusi akaunti yako ya Google. Kwa YouTube ingia kwenye setingi za programu yenyewe kuna kufuta historia na kuisimamisha isirekodi. Na makubaliano ya sauti nayo kama hutumii kuongea na rimoti yatoe tiki, hayana kazi.

Halafu kuna apdeti. Miezi michache baadae nilipita kwa mama kumuwekea chaneli, nikamuomba nikague, nikakuta moja ya zile tiki imerudi. Hakuna mchawi, TV ilipata apdeti kubwa, ikaleta ukurasa wa masharti mapya, kiboksi cha kukubali yote kikiwa ndo kimewekewa mwanga tayari, mjukuu akabonyeza OK ili katuni ziendelee. Tukaitoa tena, na huyo mjukuu ni mkubwa wa darasa la sita anayesoma Kiingereza vizuri, bibi yake akampa kazi rasmi, ukurasa wowote mrefu ukitokea kwenye TV habonyezi kitu, anamuita bibi na wanausoma wote. Niliwaandikia kwenye karatasi majina mawili ya kutafuta kama yatakuja tena, la kuangalia na la matangazo, wakaibandika nyuma ya TV kwa gundi.

Kwa nyumba ambazo ni king'amuzi tu, hakuna anayegusa YouTube kwenye TV, mimi sihangaiki hata na menyu zote hizi. Naingia kwenye mtandao, nachagua waifai iliyohifadhiwa, naisahaulisha kabisa, sio kuzima hotspoti tu, maana hotspoti ukiiwasha kesho kwa ajili ya laptopu TV inajiunga yenyewe kimyakimya, neno la siri inalo. Ikishasahau haina pa kutumia. Siku mkitaka kuangalia mechi ya mtandaoni mnaiunga, mnaangalia, mkimaliza mnaisahaulisha tena, na makubaliano mnakuwa mmeshayatoa tiki kabla ya kuiunga.